Muungamishi Si Kachero

Ipo rai iliyoenea kiasi cha kutohitaji tena mtetezi, nayo ni kwamba padre anayeambiwa katika maungamo habari za uhalifu unaopangwa anapaswa kwenda polisi, na kwamba akinyamaza ameshiriki. Wanaoishikilia hukubali, baadhi yao shingo upande, kwamba dhambi iliyokwisha kutendwa inaweza kubaki baina ya mwenye kutubu na Mungu wake, lakini hukataa katakata kinga hiyohiyo kumfunika mtu ambaye mhanga wake bado yu hai, amelala nyumbani kwake na hana habari ya kinachomngoja.

Rai hii ina mihimili mitatu, na kila mmoja unapaswa kuelezwa kwa nguvu zake kabla ya kujibiwa. Wa kwanza ni wa maadili: uhai wa asiye na hatia una uzito kuliko siri, na kanuni isemayo vinginevyo imepoteza haki ya kuitwa takatifu. Wa pili ni wa usawa: wakili, ambaye Sheria ya Ushahidi ya Kenya humlinda asitoe siri za mteja wake, hupoteza kinga hiyo pale mteja anapomtumia kuendeleza jambo lililo kinyume cha sheria, na mshauri nasaha naye, katika nchi nyingi, hutakiwa kuvunja usiri anapoona hatari ya kweli kwa mtu mwingine, kwa hiyo haieleweki kwa nini padre peke yake aachwe nje. Wa tatu ni wa manufaa: muungamishi akilazimishwa na sheria kuripoti, watu wataokolewa.

Mabishano karibu yote huelekezwa kwenye mhimili wa kwanza, ambako kila upande hujiona mtakatifu kuliko mwenzake, na ule wa tatu huachwa bila kuguswa kana kwamba umekwisha kuthibitishwa. Makala haya yanaanza na ufahamu wa kile kinachobishaniwa, yanapita katika mihimili yote, kisha yanauliza ni wapi hasa lawama inapostahili kupelekwa.

Kwanza: kutangaza uhalifu na kuungama ni mambo mawili

Siri ya maungamo ni wajibu unaomkataza muungamishi, yaani padre anayesikiliza maungamo, kumfichua muungamaji kwa neno, kwa ishara au kwa sababu yoyote ile. Mtaguso wa Nne wa Laterano uliuweka wajibu huo katika sheria ya Kanisa Katoliki lote mwaka 1215, ukaagiza kwamba padre atakayeuvunja avuliwe kazi na afungiwe maisha katika monasteri yenye masharti makali. Sheria ya Kanisa inayotumika leo inaurudia katika kanoni ya 983, na kanoni ya 1386 inamtenga na Kanisa papo hapo, pasipo kungoja hukumu, padre anayeuvunja moja kwa moja. Wapinzani wa siri hii hupenda kuishia hapo, wakiridhika kwamba wameuonyesha ukali wake, bila kuuliza unafunga nini na haufungi nini.

Unachofunga ni kitubio, na kitubio kina masharti. Kanoni ya 987 inamtaka muungamaji azikatae dhambi alizotenda na awe na kusudi la kujirekebisha, ambapo kusudi hilo maana yake ni uamuzi wa kweli wa kuacha, na wala si matumaini ya mbali kwamba siku moja ataacha. Mtu anayepiga magoti na kusema kwamba Ijumaa atamuua ndugu yake, huku nia yake ikiwa palepale, hana majuto ya kuleta, naye padre hana cha kumwondolea. Ndiyo maana wataalamu wa teolojia ya maadili hutenga hali tatu. Yupo aliyepanga na sasa anayumba, anayekuja kwa sababu kitu ndani yake kinampinga. Yupo anayetaka kuondolewa dhambi nyingine huku akiushikilia mpango wake. Yupo pia asiyekuja kutubu hata kidogo, anayekuja kumdhihaki padre, kumshirikisha katika njama au kumziba mdomo kwa hila. Huyu wa tatu hajaungama, na maneno yake hayapati hadhi ya maungamo kwa sababu tu yamesemwa mahali ambapo watu huungamia.

Hapo mlinganisho na wakili, ambao ni nusu ya mhimili wa usawa, unaanza kuwageukia wanaoutumia. Wakili hupoteza kinga pale mteja anapoutumia ushauri wake kuendeleza uhalifu, na anayekitumia kiti cha maungamo kuendeleza uhalifu naye hapati siri ya maungamo. Tofauti inayodaiwa kuwa kubwa mno ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Kinachobaki kubishaniwa ni hali mbili za mwanzo, na katika hizo mtu anayejadiliwa ni yule aliyeyumba kiasi cha kuyatamka makusudi yake mbele ya mtu ambaye, kwa hakika, atamwambia aache. Muuaji baridi anayeogopwa na rai hii, mwenye ratiba na moyo usiotetereka, kwa sababu zisizoelezwa hujipanga kwenye foleni ya Jumamosi jioni ili kumpa taarifa mtu pekee asiyehitaji kujua.

Pili: sheria ya kulazimisha inajinyima kile inachokitafuta

Mhimili wa manufaa unadhani kwamba habari zinazofika leo kwenye kiti cha maungamo zitaendelea kufika baada ya kiti hicho kuunganishwa na kituo cha polisi. Dhana hii haina msingi wowote. Watu husema pale kwa sababu wanajua kwamba hayatoki, na siku watakapojua kwamba yanatoka, wa kwanza kunyamaza watakuwa haohao ambao sheria inawatafuta, huku bibi mwenye dhambi ya kusengenya akiendelea kuungama kama kawaida. Anayetaka maji ya kisima hakifukii ili ayafikie kwa urahisi. Polisi hawatapata taarifa hata moja, na yule aliyekuwa akiyumba atakuwa amepoteza mtu mmoja aliyekuwa na nafasi ya kumzuia.

Waungaji mkono wa rai hii husahau pia kwamba, nchini Kenya, sheria wanayoidai karibu ipo. Kifungu cha 392 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani kila mtu ambaye, akijua kwamba mwingine anakusudia kutenda kosa kubwa la jinai, hatumii njia zote zinazofaa kulizuia. Maneno ni "kila mtu", na padre hakutolewa. Lakini kifungu kinadai kuzuia, hakitaji kuripoti, na hoja inaweza kujengwa kwamba muungamishi aliyekaa saa nzima akimvunja mtu nia ya kuua ametumia njia inayofaa kuliko mwingine aliyepiga simu na kurudi kulala. Wanaotaka neno "kuzuia" libadilishwe liwe "kuripoti" wanataka wajibu mwepesi zaidi, ingawa wanauita mzito.

Lipo tena swali la utekelezaji, ambalo rai hii hulikwepa. Kanoni ya 964 inataka pawepo viti vya maungamo vyenye wavu baina ya padre na muungamaji, na muungamaji ana haki ya kuvitumia, kwa hiyo mara nyingi padre husikia sauti asiyoijua ya mtu asiyemwona. Ataripoti nini? Kwamba mwanamume mwenye sauti nzito ana hasira na ndugu yake? Na ikidaiwa kwamba alijua na hakuripoti, mahakama itathibitishaje? Mashahidi wa maungamo ni wawili. Mmoja ni mshtakiwa wa mauaji, ambaye akishakamatwa ana kila sababu ya kugawa lawama. Mwingine ni padre, ambaye haruhusiwi kujibu hata kwa kusema kwamba hakuambiwa kitu, kwa sababu anayekanusha leo na kunyamaza kesho amekwisha kufichua. Njia inayobaki ni kuwatuma polisi wakapige magoti na kuungama dhambi za uongo ili kuwanasa mapadre wanaonyamaza. Serikali itakayofanya hivyo itakuwa imeingiza uongo wa kazini ndani ya ibada, na bado haitakuwa imemkamata muuaji hata mmoja.

Tatu: kunyamaza hakumaanishi kukaa bure

Mhimili wa maadili umejengwa juu ya picha ya padre anayesikia, anainamisha kichwa, kisha anakwenda kula chakula cha jioni. Picha hii inafaa kupimwa kwa kisa cha kubuni. Mtu ana ugomvi wa shamba na ndugu yake, amekubaliana na vijana wawili wamvizie ndugu huyo akirudi kutoka mnadani, amekwisha kuwalipa nusu, na siku mbili kabla ya mnada anakwenda kuungama.

Muungamishi anayeijua kazi yake huuliza kwanza kama nia bado ipo. Ikiwa ipo, anamwambia waziwazi kwamba hataondolewa dhambi, na kwa mwamini aliyejisukuma mpaka pale kauli hiyo si ndogo, kwa maana ndiyo iliyomtoa nyumbani. Ikiwa nia imelegea, padre hudai vitendo, kwa kuwa kusudi la kujirekebisha lisilo na kitendo halipimiki: vijana wapigiwe simu leo waambiwe shughuli imekufa, ndugu asiende mnadani peke yake, shauri la shamba lipelekwe kwa wazee au mahakamani. Anaweza kuahirisha kumwondolea dhambi mpaka mpango uwe umevunjwa kweli. Anaweza pia kumsihi amfuate nje ya kitubio na kuyasema upya kama mazungumzo ya kawaida, ili padre awe huru kumwonya ndugu au kutafuta msaada. Kurudia huko kuna sababu yake, kwani waraka wa Idara ya Toba ya Kitume wa mwaka 2019 unaeleza kwamba hata muungamaji mwenyewe hana uwezo wa kumfungulia padre siri ya kile kilichosemwa ndani ya kitubio. Waraka huohuo unamkataza padre kuweka sharti la kujisalimisha kwa vyombo vya sheria kama bei ya kuondolewa dhambi, jambo linaloonyesha kwamba mipaka inamfunga pande zote mbili.

Asichoweza kufanya nacho kisemwe bila kupakwa rangi. Muungamaji akikataa yote na kuondoka, padre hawezi kumpigia simu yule ndugu, hawezi kumwonya kwa mafumbo, na kanoni ya 984 inamkataza kuitumia elimu ya maungamo kwa namna inayomdhuru muungamaji hata pale ambapo hakuna hatari ya kumfichua. Ndugu anaweza kufa. Wanaotetea siri hii kwa kudai kwamba jambo hilo halitokei kamwe hawastahili kusikilizwa. Lakini wanaoipinga wanapaswa kulinganisha kifo hicho na kitu cha kweli, yaani na mtu yuleyule ambaye, chini ya sheria wanayoitaka, asingekuja kabisa, asingenyimwa ondoleo, asingeambiwa apige simu, na ambaye vijana wake wangesubiri njiani bila kizuizi chochote.

Nne: mshauri nasaha ni shahidi mbaya kwa rai hii

Nusu ya pili ya mhimili wa usawa humleta mshauri nasaha kama mfano wa jinsi mambo yanavyopaswa kuwa, na nyuma ya mfano huo husimama kesi ya Tarasoff ya Kalifonia, iliyotoa msingi wa wajibu wa mtaalamu wa afya ya akili kwa mtu wa tatu aliye hatarini. Kesi hiyo hutajwa mara nyingi na mambo yaliyotokea ndani yake husimuliwa mara chache.

Mwaka 1969 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kalifonia kilichoko Berkeley alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba anakusudia kumuua msichana, ambaye utambulisho wake haukuwa mgumu kupatikana. Mwanasaikolojia hakunyamaza. Alifanya hasa kile ambacho rai inayojadiliwa hapa inakidai, kwani aliwaarifu polisi wa chuo kwa mdomo na kwa barua. Polisi wakamshika mwanafunzi, wakamwona mwenye akili timamu, wakamwachia kwa ahadi kwamba atakaa mbali na msichana. Mkuu wa idara akaagiza suala lisiendelezwe. Mwanafunzi hakurudi tena kwenye matibabu, na msichana, ambaye hakuna aliyemwonya wala kuwaonya wazazi wake, aliuawa tarehe 27 Oktoba mwaka huohuo.

Kwa maneno mengine, kesi inayotumiwa kuthibitisha kwamba taarifa kwa polisi huokoa maisha ni kesi ambayo taarifa ilitolewa, ikapokelewa, ikafanyiwa kazi na ikashindwa, na matokeo yake ya wazi kabla ya kifo yalikuwa kukatika kwa uhusiano wa mgonjwa na mtu pekee aliyekuwa akiisikia nia yake. Mahakama Kuu Kabisa ya Kalifonia ililiona hilo kuliko wanaoinukuu. Uamuzi wake wa 1974 ulizungumzia wajibu wa kuonya, na ule wa 1976, uliochukua nafasi yake, ukazungumzia wajibu wa kutumia uangalifu unaofaa kumlinda anayelengwa, wajibu ambao kumwarifu polisi ni njia mojawapo tu ya kuutimiza.

Siri ya mshauri nasaha inaweza kubeba wajibu huo kwa sababu tangu mwanzo ni siri yenye mipaka. Msingi wake ni maadili ya kazi na makubaliano, na mshauri makini humweleza mteja katika kikao cha kwanza ni mambo gani hatayaficha, hivyo anayesema anasema akijua. Mshauri aliyeahidi usiri usio na mwisho kisha akauvunja amemdanganya mteja, na aliyeona hatari kwa mtu anayejulikana akanyamaza kwa kisingizio cha maadili ya kazi anastahili kushtakiwa. Hayo ni sahihi kabisa, nayo hayamhusu muungamishi, ambaye ahadi yake haina kifungu cha pembeni. Usawa unaodaiwa utazaa mshauri nasaha wa pili, asiye na mafunzo ya tathmini ya hatari, wala faili la mgonjwa, wala hospitali ya kumlaza.

Tano: hatari iko nje ya kitubio

Kisa kinachofundisha kuliko vyote kiko Uingereza, mwaka 1605, katika njama ya kulilipua Bunge pamoja na Mfalme Yakobo wa Kwanza. Robert Catesby, kiongozi wa njama hiyo, aliungama kwa Mjesuiti Oswald Tesimond. Tesimond, akitetemeka kwa uzito wa alichosikia, akamweleza mkuu wake, Henry Garnet, naye kwa njia ya maungamo na kwa ridhaa ya Catesby. Garnet aliandika Roma akiomba katazo la jumla la matumizi ya nguvu kwa Wakatoliki wa Uingereza, akajaribu kumtuliza Catesby, na hakumwarifu yeyote serikalini. Njama ilifichuka kwa barua isiyo na jina aliyopelekewa Bwana Monteagle tarehe 26 Oktoba, na usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba Guy Fawkes akakamatwa akilinda mapipa 36 ya baruti. Garnet alihukumiwa Machi 1606 na kunyongwa tarehe 3 Mei.

Garnet hutumiwa na pande zote mbili, kama shahidi wa siri kwa hawa na kama mshirika wa wauaji kwa wale, na pande zote mbili huruka jambo lililomtesa yeye mwenyewe gerezani. Kabla ya maungamo yale, Catesby alikuwa amemuuliza, katika mazungumzo ya kawaida, kama ni halali katika vita kutenda jambo litakaloua wasio na hatia pamoja na wenye hatia. Garnet alijibu kama mwalimu anayejibu swali la darasani. Baadaye alikiri kwamba alikuwa na fununu ya jumla ya ubaya uliokuwa ukiandaliwa, na fununu hiyo haikufungwa na siri yoyote. Pale alikuwa na uhuru wa kuhoji, kukataza, kuonya na kufikisha habari, naye hakuutumia kama ilivyompasa. Aliyoyasikia ndani ya kitubio yalimfunga mdomo, lakini lawama yake inatokana na yale aliyoyasikia nje.

Hapo ndipo rai inayopingwa inapokosea shabaha. Uhalifu unaopangwa hufika kwa viongozi wa dini mara nyingi zaidi ofisini, kwenye simu, katika vikao vya upatanisho wa ndoa na baada ya ibada, na hakuna hata moja kati ya hayo lililo kitubio. Padre anayesikia ofisini kwamba katekista wake ana mpango wa kumdhuru mtu, kisha akajificha nyuma ya siri ya maungamo, ameazima kinga isiyo yake. Mchungaji ambaye kanisa lake halina sakramenti ya kitubio, anayedai kwamba kila alichoambiwa faraghani ni siri takatifu, anafanya hivyohivyo. Wanaoipanua siri hivi ndio wanaoipa serikali sababu ya kuivunja, na kwa kuwa rai iliyoenea hushambulia kiti cha maungamo, wao hupita salama.

Na anayedhani kwamba suluhisho ni kuruhusu mapengo machache ndani ya siri yenyewe alitazame Kanisa la Anglikana la Uingereza, ambalo kanoni yake ya 113 ya mwaka 1603 inamkataza padre kufichua maungamo isipokuwa yale ya makosa ambayo, akiyaficha, uhai wake mwenyewe unaweza kuwa hatarini kisheria. Pengo hilo lilitobolewa ili kumlinda padre, na mhanga hatajwi. Sheria ya kumtisha muungamishi kwa kifungo ingefuata mantiki hiyohiyo, kwani ingemfundisha kuandika taarifa itakayomlinda yeye, iwe kuna uhai uliookolewa au haupo.

Madai yanayofaa basi ni makali kuliko yale ya rai iliyoenea, na yanatekelezeka. Kiongozi wa dini aulizwe kwa kiapo alijua nini nje ya kitubio, alijua lini na alifanya nini, na jibu lake lipimwe kwa kifungu cha 392 kama la mwananchi mwingine yeyote. Mshauri nasaha aulizwe alimweleza mteja mipaka gani siku ya kwanza, na nani alionywa. Waumini wafundishwe kitubio kinaanzia wapi na kinaishia wapi, ili asiwepo anayedhani amefunga mdomo wa padre kwa kumnong'oneza kando ya gari. Muungamishi naye adaiwe kuwanyima ondoleo wasioacha, na kudai vitendo kwa wanaosema wameacha. Bunge litakaloyaacha haya yote na kuchagua kumgeuza muungamishi kachero litakuwa limechagua eneo pekee ambako haliwezi kuthibitisha kitu, na kuyasamehe yale yote ambako lingeweza.